Inama Kwanza, Ndipo Usome

Kosa la paralaksi, usomaji wa skeli na mpindo wa maji ndani ya silinda: mambo matatu yanayoharibu majibu ya jaribio la fizikia kabla hesabu haijaanza

Nyoosha kipande cha waya mezani na ulaze rula ya mita ya mbao pembeni yake. Weka jicho katikati, kiasi cha sentimita 30 juu ya rula, kisha soma ncha zote mbili za waya bila kusogeza kichwa. Kama waya una urefu wa sentimita 20.0 na rula ina unene wa milimita 6, utasoma takriban sentimita 19.6. Rula si mbovu, na macho yako ni mazima. Milimita nne zimemezwa na unene wa rula.

Skeli imechorwa kwenye uso wa juu wa ubao, ilhali waya umelala chini, juu ya meza. Jicho linapoangalia ncha ya kushoto, mstari wa kuona unashuka kwa mshazari. Kabla ya kuufikia waya, mstari huo unapita juu ya skeli mahali palipo ndani kidogo, upande wa jicho. Upande wa kulia hali ni hiyo hiyo: jicho linasoma alama iliyo ndani ya ncha halisi. Kila ncha imesogezwa ndani kwa milimita 2, na ndiyo maana waya unaonekana mfupi.

Hilo ndilo kosa la paralaksi. Hutokea kila mara alama ya skeli na kitu kinachosomwa vinapokuwa katika umbali tofauti na jicho, na jicho nalo halijakaa mkabala na alama inayosomwa. Masharti ni hayo mawili kwa pamoja. Ukiondoa moja, kosa halipo.

Pengo, mhamo na umbali

Ukubwa wa kosa hili unaweza kukadiriwa kwa hesabu ya pembetatu zinazofanana. Chukua pengo lililopo kati ya skeli na kitu, zidisha kwa mhamo wa jicho kutoka mahali lilipopaswa kuwa, kisha gawanya kwa umbali wa jicho kutoka kwenye skeli. Kwenye waya wetu pengo ni milimita 6, jicho limehama sentimita 10 kutoka kila ncha, na umbali ni sentimita 30. Sita mara kumi, gawanya kwa thelathini, unapata milimita 2 kwa kila ncha.

Hesabu hiyo inaonyesha pia njia mbili za kujikinga. Ya kwanza ni kuhamisha jicho: soma ncha ya kushoto ukiwa juu yake wima, kisha sogea na usome ya kulia ukiwa juu yake wima. Ya pili ni kuua pengo lenyewe. Simamisha rula kwa ubavu wake, ili mistari ya skeli iguse waya. Pengo likiwa sifuri, hata jicho likihama kiasi gani, sifuri mara chochote ni sifuri. Mwanafunzi mwenye mazoea mazuri hufanya yote mawili, kwa sababu ubavu wa rula haugusi kitu sawasawa kila mahali.

Kuna kipimo chepesi cha kujua kama kosa hili lipo. Sogeza kichwa kushoto na kulia huku ukiendelea kutazama. Ikiwa alama iliyo mkabala na kitu inabadilika, pengo lipo, na lazima uchague vizuri mahali pa kuweka jicho. Ikiwa haibadiliki, pengo halipo au ni dogo mno kukusumbua.

Kabla ya kuiacha rula, tazama ncha yake ya sifuri. Rula za mbao za shuleni huangushwa na kuburutwa hadi ncha zikalika, na milimita moja au mbili za mwanzo zikapotea. Hilo si kosa la paralaksi, na kuinama hakulitibu. Dawa yake ni kuanzia kwenye alama ya sentimita 10 na kuziondoa hizo 10 mwishoni.

Mshale wa ammita

Kwenye ammita na voltimita za mshale, pengo haliwezi kuondolewa. Mshale lazima uelee juu ya uso wa skeli, vinginevyo ungekwaruza na kukwama. Abiria aliyeketi kushoto kwa dereva wa daladala anaijua hali hii hata kama hajui jina lake: dereva anaona mshale wa mwendo umesimama kwenye 60, yeye akichungulia kutoka pembeni anauona umeshapita 60. Mshale uko mbele ya namba, na mstari wake wa kuona unaupita kwa mshazari na kuangukia kulia.

Watengenezaji wa ammita nzuri huweka ukanda mwembamba wa kioo kwenye skeli, chini ya njia ya mshale. Wanafunzi wengi hudhani ni pambo. Kazi yake ni kumwonyesha msomaji jicho lake lilipo. Funga jicho moja, kisha sogeza kichwa hadi mshale uifunike taswira yake mwenyewe ndani ya kioo. Ukiwa bado unaona mishale miwili, uko pembeni. Ukiona mmoja tu, jicho liko wima juu ya mshale, na hapo ndipo usome.

Jicho likishakaa mahali pake, kazi ya pili ni kujua kila nafasi ya skeli ina thamani gani. Hapa kosa huwa kubwa kuliko la paralaksi, kwa kuwa mwanafunzi huchukulia kwamba kila mstari mdogo ni sehemu moja ya kumi ya kitu fulani. Chukua ammita ya kawaida ya shule ya 0 hadi 1 A. Namba zilizoandikwa ni 0, 0.2, 0.4 na kuendelea. Kati ya 0.4 na 0.6 kuna nafasi 10. Tofauti ya namba hizo ni 0.2, ukigawanya kwa 10 unapata 0.02 A kwa kila nafasi. Mshale ukisimama kwenye mstari wa tatu baada ya 0.4, jibu ni 0.46 A. Anayedhani kila mstari ni 0.01 ataandika 0.43 A, na kosa hilo litaingia kwenye kila nukta ya grafu yake isiyoangukia kwenye namba iliyoandikwa, likikua kadiri mshale unavyoipita namba hiyo. Nukta zitatawanyika badala ya kunyooka, na mteremko utakaochorwa kati yake utakuwa wa uongo.

Unapohesabu, hesabu nafasi na si mistari. Kati ya namba mbili zilizoandikwa, nafasi 10 zina mistari midogo 9 tu ndani yake. Anayehesabu mistari akagawanya kwa 9 anapata thamani ya ajabu, kama 0.022, na hiyo ajabu yenyewe ni dalili ya kumrudisha kuhesabu upya. Ammita nyingi pia zina skeli mbili, moja juu ya nyingine, kwa mfano ya 0 hadi 1 A na ya 0 hadi 5 A. Inayosomwa ni ile inayolingana na tundu ulilochomeka waya. Na kabla ya kufunga swichi, hakikisha mshale umelala kwenye sifuri. Kama haupo hapo, mwite mwalimu aurekebishe kwa bisibisi, au andika ulipo ili uondoe tofauti hiyo kwenye kila usomaji.

Mshale ukisimama kati ya mistari miwili, kadiria kwa nusu nafasi, usiende mbali zaidi. Kwenye ammita hii nusu nafasi ni 0.01 A, kwa hiyo safu nzima ya jedwali lako itakuwa na tarakimu mbili baada ya nukta: 0.46, 0.47, 0.50. Kuandika 0.5 mahali pa 0.50 kunamwambia msahihishaji kwamba usomaji huo ulifanywa kwa uangalifu mdogo kuliko mwingine.

Pale paralaksi inapogeuka kuwa chombo

Kipimo cha kusogeza kichwa ndicho hicho hicho kinachotumika katika jaribio la kioo kilichobonyea na pini. Pini husimamishwa mbele ya kioo, na taswira yake huonekana ikiwa imepinduliwa, ncha kwa ncha na pini yenyewe. Kinachotafutwa ni mahali ambapo pini na taswira ziko katika umbali mmoja.

Sogeza kichwa kulia. Kilicho mbali zaidi na jicho huonekana kikikufuata kulia, na kilicho karibu huonekana kikirudi kushoto. Taswira ikikufuata, iko mbali nawe kuliko pini, yaani karibu zaidi na kioo, kwa hiyo sukuma pini kidogo kuelekea kioo. Taswira ikikukimbia, vuta pini kuja kwako. Endelea hadi ncha mbili zisogee pamoja kama kitu kimoja. Ikiwa hilo limetokea sentimita 30 kutoka kwenye kioo, umefika kwenye kitovu cha mpindo, na urefu wa fokasi ni nusu yake, sentimita 15.

Wanaastronomia hutumia kanuni hiyo kwa mhamo mkubwa zaidi. Mwaka 1838 Friedrich Bessel wa Ujerumani alitangaza umbali wa nyota ya 61 katika kundi la Dajaja baada ya kuangalia jinsi inavyoonekana kuhama mbele ya nyota za mbali zaidi, Dunia inapotoka upande mmoja wa Jua kwenda wa pili. Umbali huo ni takriban miaka 11 ya mwanga. Kwake yeye mhamo wa jicho ulikuwa mzunguko wa Dunia.

Uso wa maji uliopinda

Tumimine sasa maji kwenye silinda ya kupimia ya kioo. Uso wake haulali bapa. Kingo zinapanda kidogo kwenye ukuta, katikati panabonyea. Mpindo huo ndio unaoitwa meniskasi. Molekuli za maji huvutwa na kioo kwa nguvu zaidi kuliko zinavyovutana zenyewe, kwa hiyo maji hung'ang'ania ukuta na kuupanda. Zebaki hufanya kinyume. Atomi zake huvutana zenyewe kwa nguvu kubwa, hukikwepa kioo, na uso wake huvimba katikati.

Kanuni inafuata umbo hilo. Maji husomwa kwenye sehemu ya chini kabisa ya mbonyeo. Zebaki husomwa kwenye kilele cha mbinuko, ingawa siku hizi mwanafunzi hukutana nayo mara chache, kwani ni sumu na Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 umeibana sana. Kusoma chini ya mbonyeo si desturi tu: mtengenezaji alipoweka alama kwenye silinda, alizipanga zilingane na sehemu hiyo. Anayesoma kwenye kingo anaongeza maji ambayo hayamo.

Kanuni ina mipaka yake. Kwenye silinda za plastiki maji hayashiki ukuta vizuri, na uso huwa karibu bapa. Hapo soma uso wenyewe, usitafute mbonyeo usiokuwapo. Kimiminika cheusi au chenye rangi nzito, kama myeyusho wa pamanganeti ya potasiamu, huficha sehemu ya chini. Hicho husomwa kwenye ukingo wa juu, mwanzo na mwisho, ili tofauti ya masomo mawili ibaki sahihi. Na kioo chenye mafuta huupinda uso upande mmoja na kuacha matone yaliyoganda ukutani. Ukiona hivyo, osha silinda kwa sabuni uanze upya.

Maji safi huwa magumu kuonekana. Shika kadi nyeupe yenye ukanda mweusi nyuma ya silinda, ukingo wa juu wa weusi ukiwa chini kidogo ya uso wa maji. Sehemu ya chini ya mbonyeo itajitokeza kama mstari mweusi uliokolea.

Jiwe la itale

Hapa meniskasi na paralaksi hukutana. Alama za silinda ziko kwenye ukuta wa mbele, lakini sehemu ya chini ya mbonyeo iko katikati ya mrija. Pengo, basi, ni nusu ya upana wa silinda, na hakuna namna ya kulifuta. Kilichobaki mikononi mwako ni mahali pa jicho tu.

Tuseme unatafuta densiti ya jiwe dogo la itale, mwamba ule ule wa mawe makubwa yaliyotapakaa Mwanza. Mizani inasema tungamo lake ni gramu 26.5. Silinda ni ya sentimita 50 za ujazo, upana wake wa ndani sentimita 2.4, na kila mstari ni sentimita 1 ya ujazo. Unaiweka mezani, unainama hadi jicho lilingane na maji, unasoma 30. Kisha unafunga jiwe kwa uzi na kulishusha taratibu, ili maji yasiruke na silinda isipasuke. Unaitikisa kidogo kutoa mapovu yaliyoshika jiwe, kwa sababu kila povu linahesabiwa kama jiwe. Uso wa maji unapanda hadi 40.

Lakini umechoka kuinama. Mara hii unasoma ukiwa umesimama nusu, jicho likiwa sentimita 10 juu ya uso wa maji na sentimita 30 mbele yake. Pengo ni milimita 12. Zidisha kwa 10, gawanya kwa 30, unapata milimita 4. Kwenye silinda hii sentimita moja ya ujazo ina kimo cha takriban milimita 2.2, kwa hiyo milimita 4 ni kama sentimita 1.8 za ujazo. Mstari wa kuona unaoshuka kutoka juu umeukata ukuta wa mbele juu ya kimo halisi cha maji. Unaandika 42.

Sasa fuatilia kosa hilo linakoelekea. Ujazo wa jiwe umekuwa 12 badala ya 10. Densiti sahihi ni 26.5 gawanya kwa 10, yaani gramu 2.65 kwa sentimita ya ujazo, ambayo ndiyo ya kawaida kwa itale. Wewe umepata 2.2. Kwa jibu hilo mtu angesema si itale kabisa.

Kilichoharibu jibu ni kubadilisha mkao katikati ya jaribio. Kama ungesoma mara zote mbili kutoka juu, kila usomaji ungekuwa mkubwa kupita kiasi kwa karibu kiwango kile kile, na katika kutoa 30 kutoka 40 makosa mawili yangekaribia kufutana. Hayafutani kabisa, kwa sababu maji yakipanda yanalikaribia jicho na kosa linapungua kidogo, lakini jibu lingekuwa jirani na 10. Ndiyo maana mwanafunzi mzembe wa siku zote anaweza kupata jibu zuri kuliko aliye makini nusu ya kazi.

Bureti hugeuza mambo. Sifuri yake iko juu na namba zinaongezeka kwenda chini, kwa hiyo anayesoma kutoka juu hupata namba ndogo kuliko ya kweli, na anayesoma kutoka chini hupata kubwa. Bureti iliyofungwa kwenye stendi juu ya meza ni ndefu: usomaji wa mwanzo, karibu na sifuri, huwa juu ya uso wa mwanafunzi, na wa mwisho huwa chini ya kidevu chake. Asipoinuka wala kuinama, wa mwanzo utakuwa mkubwa mno na wa mwisho mdogo mno. Hapo makosa hayafutani. Yote mawili yanapunguza ujazo uliotumika.

Ili kujua kwamba jicho liko sawa, tazama umbo la uso wa maji. Ukiwa juu yake unaona yai: ukingo wa mbele na wa nyuma vimetengana. Ukiwa chini yake unaona upande wa chini uking'aa kama kioo. Ukilingana nao, kingo mbili zinaungana kuwa mstari mmoja. Kwenye bureti bora alama kuu huzunguka mrija mzima, na jicho likiwa mahali pake nusu ya nyuma ya alama hujificha nyuma ya nusu ya mbele. Na usiinue silinda kuileta usoni. Mkono huiegemeza upande, na maji yaliyoegemea hayana kimo kimoja. Mwili ndio uinuke au uiname.

Shaka inayobaki

Baada ya yote hayo bado kuna kiasi ambacho jicho lililonyooka haliwezi kukifuta. Silinda hii ina mistari ya sentimita 1 ya ujazo, hivyo kila usomaji una shaka ya nusu sentimita juu au chini. Ujazo wa jiwe umetoka kwenye masomo mawili, kwa hiyo shaka inaweza kufika sentimita 1 kamili. Jiwe la 10 huenda ni la 9 au la 11, na densiti yake iko popote kati ya 2.4 na 2.9. Anayeandika 2.650 kwenye karatasi ya majibu anadai ujuzi ambao silinda haikumpa. Anayeandika 2.7 yuko karibu zaidi na alichokiona.

Njia rahisi ya kuipunguza shaka hiyo haihitaji chombo kipya. Tafuta vipande viwili vya mwamba ule ule, vyenye jumla ya gramu 53.0, uvitumbukize pamoja ukianzia kwenye 25. Maji yatafika 45. Shaka ya usomaji bado ni ile ile sentimita 1, ila sasa iko juu ya ujazo wa 20, na densiti imebanwa kati ya 2.5 na 2.8. Asilimia 10 imekuwa asilimia 5 kwa kuongeza jiwe moja.